Kiwanda cha biogesi ya taka za mji: anza na shamba, malizia na tangi

Mwongozo huu ni wa mhandisi wa halmashauri, diwani wa kamati ya mazingira au mwekezaji aliyeletewa mezani pendekezo la kujenga kiwanda cha kugeuza taka za mji kuwa gesi. Mapendekezo mengi ya namna hii hutanguliza picha ya matangi na hesabu ya megawati. Hoja yangu ni kwamba tangi ndilo jambo la mwisho kuamuliwa. Vijidudu vinavyomeng'enya taka pasipo hewa vinajulikana vizuri, na makampuni yanayojua kujenga matangi yake ni mengi. Viwanda hufa kwa sababu mbili zilizo nje ya tangi: uchafu unaoingia getini pamoja na taka, na tope linalotoka upande wa pili bila kuwa na pa kwenda. Anayetaka kujua kama kiwanda kitadumu aulize kwanza habari za getini na za shambani.

India imetupa ushahidi wa pande zote mbili. Mjini Lucknow kilijengwa kiwanda cha megawati 5 kilichoanza kazi mwaka 2003 na kufungwa muda mfupi baadaye, kwa kuwa taka zilizoletwa zilikuwa zimechanganyika na mchanga wa kufagia barabara, vifusi na kila kinachotupwa mjini. Miaka 19 baadaye, Februari 2022, jiji la Indore lilizindua kiwanda cha kupokea tani 550 kwa siku, kilichopangwa kutoa takribani tani 17 za gesi ya magari na tani 100 za mboji kila siku. Sayansi ya mmeng'enyo haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni kwamba Indore ilitumia miaka kadhaa kabla ya hapo kuwazoesha wakazi kutenganisha taka nyumbani, na kuyapa magari yake vyumba tofauti ili kilichotenganishwa jikoni kisichanganywe tena njiani.

Kupima taka kabla ya kupima kiwanja

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho: kiwanda cha kupokea tani 100 kwa siku za mabaki ya sokoni, hotelini na jikoni. Kazi ya kwanza ni kujua tani hizo zina nini. Mwaga shehena ya gari moja kwenye sakafu safi, changanya kwa koleo, gawa mafungu manne, acha mawili yanayotazamana, changanya tena, na uendelee hivyo hadi ibaki kama kilo 100. Hizo zichambuliwe kwa mkono na kila aina ipimwe: kinachooza, plastiki, kioo, chuma, mchanga na mawe, mbao na vifuu. Rudia kwa magari ya masoko na mitaa tofauti, kiangazi na masika, kwa sababu mvua hubadili uzito na msimu wa maembe au mananasi hubadili kila kitu. Sehemu ya taka hizo ipelekwe maabara ikaushwe ili ijulikane ni asilimia ngapi ni yabisi na ni asilimia ngapi ya yabisi hiyo huungua, kwa kuwa kile kinachoungua ndicho chakula cha vijidudu. Takwimu za mji mwingine hazitoshi kuagizia mashine.

Pingamizi la kwanza huja hapa: kwa nini kuwasumbua wananchi ilhali zipo mashine za kuchambua taka mchanganyiko? Ni kweli zipo, na Ulaya ilijenga nyingi. Lakini mashine huchukua kinachooza kikiwa tayari kimepakwa vumbi la kioo, vipande vya plastiki na kemikali za betri. Ndiyo maana kanuni ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 haikubali tope au mboji itokanayo na taka mchanganyiko zilizochambuliwa kwa mashine, na nchi wanachama zilitakiwa kuhakikisha taka za jikoni zinakusanywa peke yake kufikia mwisho wa 2023. Milano ilieneza ukusanyaji wa taka za jikoni nyumba kwa nyumba katika jiji zima kati ya 2012 na 2014, kwa ndoo ndogo, mifuko inayooza, ukaguzi na faini, na uchafu usiooza ukabaki karibu asilimia 5. Kenya nayo, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imetaka taka zitenganishwe zinapozalishwa, zinazooza mbali na zisizooza. Sheria peke yake haisafishi ndoo, ila inampa afisa wa kaunti mahali pa kuanzia. Kwa mji usio na mazoea hayo, njia fupi ni kuanza na wazalishaji wakubwa: masoko ya jumla, hoteli, viwanda vya vyakula. Gari linalotoka soko la ndizi na kabichi hukaguliwa kwa macho, na lenye dosari hurudishwa kabla ya kumwaga.

Tenganisha kwanza, saga baadaye

Hata taka zilizotenganishwa vizuri huja na mifuko, visu, kamba na mchanga. Kanuni inayobeba hatua yote ya matayarisho ni kutosaga kitu ambacho hakijatenganishwa. Kinu cha nyundo kinachogongwa na chupa huigeuza kuwa changarawe, na kinachosaga mfuko wa nailoni huugeuza kuwa vipande vidogo ambavyo hakuna chekeche litakaloviokota tena. Kwa hiyo mpangilio wa busara ni huu. Gari hupimwa kwenye mizani na kumwaga ndani ya jengo lililofungwa, ambalo hewa yake hufyonzwa na kupitishwa kwenye kichujio cha vipande vya mbao ili harufu isiwafikie majirani. Mifuko hupasuliwa taratibu, taka hupita kwenye chekeche la pipa linalozunguka, kisha chini ya sumaku. Kinachofuata ni mashine ya kukamua: hubana taka hadi sehemu laini ipenye matundu kama uji, na plastiki, mifupa na nyuzi hubaki upande wa pili. Uji huo hupita kwenye bwawa au chombo cha kuzungusha ambamo mchanga huzama na kuondolewa kila siku.

Ukamuaji una gharama yake, kwani plastiki hutoka ikiwa imeshika chakula. Katika mfano wetu tukadirie kwamba tani 15 kati ya 100 hukataliwa na tani 85 huendelea. Anayeahidi hasara ya tani 3 tu kwa taka za namna hii ama ana taka safi ajabu, ama anaruhusu plastiki ipite. Na usidharau mchanga. Ukiruhusu asilimia 1 tu ya tani 85 ipite, ni kilo 850 kwa siku, zaidi ya tani 300 kwa mwaka, karibu meta za ujazo 190. Ukizama wote, katika miaka 5 utakuwa umekula karibu sehemu ya tano ya tangi la ukubwa tutakaouona. Dalili zake huja polepole: gesi hupungua ilhali chakula ni kilekile, mapanga ya pampu huchakaa mapema, na kipimajoto cha chini kabisa cha tangi husoma ubaridi kuliko cha katikati. Ukifika hapo, tiba ni kusimamisha uzalishaji, kutoa gesi yote na kuchimba.

Mabaki ya jikoni yanaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya watu na mifugo. Kanuni ya Ulaya kwa mabaki yenye asili ya wanyama ni kuyasaga yasizidi milimita 12 na kuyapasha nyuzi 70 kwa saa nzima. Ni kipimo kizuri cha kuiga popote tope litakapopelekwa mashambani, na kama tutakavyoona, joto lake ni la bure.

Ndani ya tangi

Tani 85 zikiwa na yabisi asilimia 22 zina takribani tani 18.7 za yabisi, na karibu tani 16 za hizo ndizo zinazoungua. Kwa kiwango cha wastani cha kulisha, yaani kilo 3 za yabisi hiyo kwa kila meta ya ujazo kwa siku, tunahitaji tangi la meta za ujazo 5,300, au heri mawili ya nusu yake ili moja likiugua lingine liendelee. Uji wa asilimia 22 ni mzito mno kwa tangi la kukoroga, hivyo hulainishwa hadi karibu asilimia 10. Hapo pana mtego. Wauzaji wengi husema maji ya kulainisha ni bure kwa sababu majimaji yanayokamuliwa kutoka kwenye tope hurudishwa mwanzoni. Majimaji hayo hulainisha yabisi lakini hayapunguzi amonia, kwa kuwa yanarudi nayo. Taka zetu zikiwa na kilo 6 za naitrojeni kwa tani, na theluthi mbili yake ikigeuka amonia, tangi litajikuta na gramu 4 hadi 5 kwa lita, kiwango ambacho vijidudu vya methani huanza kulemewa, na zaidi sana tangi likiendeshwa kwa nyuzi 55 badala ya 37 au 40. Ukiongeza tani 20 za maji mapya kwa siku amonia hushuka hadi karibu gramu 3.5, lakini umejiongezea tani 20 za tope la kusafirisha. Uamuzi huo ufanywe wazi mezani kabla ya ujenzi, usije ukagundulika mwezi wa nane wa uendeshaji.

Tangi linalougua hutoa taarifa mapema kwa anayepima. Usisubiri pH ishuke, maana ikishuka umekwisha kuchelewa. Pima kila siku uwiano wa asidi na uwezo wa tope kuzizima asidi hizo. Ukiwa chini ya 0.4, lisha kama kawaida, ukipanda siku hadi siku, punguza chakula, ukipita 0.6, acha kulisha hadi ushuke. Tangi linalokula mabaki ya jikoni pekee linaweza kudhoofika kwa kukosa madini machache sana, hasa seleni na kobalti, hata kama kila kitu kingine ni sawa. Na mwanzoni halilishwi kwa pupa: hujazwa mbegu ya samadi ya ng'ombe au tope la tangi lililo hai, kisha chakula huongezwa kidogo kidogo kwa miezi miwili au mitatu. Mkataba unaodai megawati kamili ndani ya mwezi wa kwanza unamlazimisha mwendeshaji aliue tangi lake.

Gesi iende wapi

Tukichukua meta za ujazo 350 za methani kwa kila tani ya yabisi inayoungua, tutapata kama 5,500 kwa siku, yaani biogesi karibu 9,500. Injini yenye ufanisi wa asilimia 40 itatoa umeme wa takribani kilowati 900 mfululizo, na sehemu yake italiwa na pampu na mashine za kiwanda chenyewe. Kiasi kama hicho hutoka kikiwa joto. Kupasha tani 85 kutoka nyuzi 28 hadi 70 huhitaji chini ya robo ya joto hilo. Ulaya ziada huuzwa kupasha nyumba. Dar es Salaam au Mombasa hakuna anayenunua joto, isipokuwa awepo jirani mwenye kikaushio au kiwanda cha maziwa. Kama jirani huyo hayupo, fikiria kusafisha gesi na kuishindilia kwenye mitungi ya magari. Dar es Salaam tayari ina bajaji, teksi na mabasi yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa, na methani ya taka ikishasafishwa hadi kiwango chake huingia kwenye mitungi ileile. Mfano wetu ungetoa kama tani 4 kwa siku kabla ya hasara, sawa na kilo 40 kwa kila tani ya taka. Hesabu za Indore ni kilo 31 kwa tani. Ukiahidiwa kilo 80, muulize mtoa ahadi taka zake zina mafuta kiasi gani.

Njia yoyote utakayochagua, haidrojeni salfaidi iondolewe, kwani hula injini na huua mtu aliyeingia shimoni bila kipimo. Chumvi ya chuma ikitiwa kwenye uji hunasa sehemu kubwa, na mkaa maalumu hukamata inayobaki. Pia pawe na mwenge wa kuchomea gesi injini inaposimama. Methani inayovuja ina nguvu ya kupasha dunia takribani mara 28 ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Asilimia 5 ikivuja katika mfano wetu ni kama kilo 200 kwa siku, sawa na tani 5.6 za kaboni dayoksaidi. Kiwanda kinachodai kuokoa hali ya hewa huku bwawa lake la tope liko wazi na linatoa mapovu kinajikanusha chenyewe.

Tope linalobaki

Sasa tufike mahali ambapo mapendekezo mengi huandika sentensi moja: mabaki yatauzwa kama mbolea. Gesi ya siku moja ina uzito wa tani 11 au 12. Tani 85 zimeingia. Maana yake takribani tani 73 za tope, yaani bioslari, lazima zitoke kila siku, magari saba au zaidi ya lita 10,000. Naitrojeni haikwenda na gesi. Iko humo yote, kilo 510 kwa siku, tani 186 kwa mwaka, sawa na tani 400 za urea. Hapo ndipo husikika pingamizi la pili: mbolea yote hiyo, si wakulima wataigombania? Angalia inavyobebwa. Kila tani ya bioslari ina kilo 7 za naitrojeni, na mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Mkulima anabeba mfuko huo kwa pikipiki. Ili apate naitrojeni ileile kwa bioslari anahitaji zaidi ya tani 3 za majimaji. Shamba likiwa mbali, nauli hula thamani yote.

Kwa hiyo kiwanda kitafutiwe shamba kabla ya kiwanja. Ukifuata ukomo unaotumika Ulaya wa kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, unahitaji kama hekta 1,100. Huwezi kuzipata kwa bustani za mchicha za kando ya mto. Unatafuta mashamba makubwa ya miwa, malisho au miti, na mkataba wa miaka mingi. Tena hakuna anayemwaga tope shambani katikati ya masika, maana litaishia mtoni. Ukipanga akiba ya siku 90 tu, unahitaji hifadhi ya meta za ujazo 6,500, kubwa kuliko matangi ya gesi yenyewe, na iwe imefunikwa. Hifadhi hiyo ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapobana, na ndiyo kesi ya kwanza kufika kwa mamlaka ya mazingira.

Kukamua tope husaidia kiasi. Tani 73 zinaweza kutoa kama tani 17 za makapi yanayobebeka, ambayo hukomazwa kuwa mboji na kufika mbali, na tani 56 za majimaji zenye sehemu kubwa ya amonia. Majimaji yaende mashamba ya karibu, yamwagwe chini kwa mpira au kuchomekwa ardhini, asubuhi au jioni. Yakirushwa hewani juani, amonia hupotea ndani ya saa chache. Kuyasafisha hadi yafae kuingia mtoni kunawezekana, ila kunahitaji umeme na fedha ambazo gesi ilikusudiwa kuleta. Na hapa uchafu wa getini unarudi kutoza deni lake: mkulima akishaona vipande vya nailoni vikimeta shambani mwake, hapokei gari la pili.

Je, mboji isingetosha?

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: mboji ya kawaida, inayogeuzwa katika matuta, ni nafuu mara nyingi, na hupoteza maji badala ya kuyasafirisha. Nakubali kwa taka za majani, matawi na mabua, ambazo tangi haliziwezi hata hivyo. Kwa taka za sokoni zenye maji mengi, matuta hulowa, hunuka na kuhitaji vitu vikavu ambavyo mji hauna vya kutosha, na hapo tangi lina haki yake. Lakini pingamizi hilo linatoa pia utaratibu mzuri wa kuamua. Anza na mboji. Kwa mwaka mzima kusanya taka zilizotenganishwa kutoka masoko machache, zikomaze, wape wakulima, na upime uchafu kila wiki. Ukishindwa kuushusha chini ya asilimia 10, kiwanda cha mamilioni ya dola kitashindwa pia, na utakuwa umejua kwa gharama ya uwanja na magari mawili.

Ukifaulu, saini mikataba kwa mpangilio huu. Wa kwanza ni wa mashamba na hifadhi ya tope. Wa pili ni wa taka, wenye kiwango cha juu cha uchafu, haki ya kurudisha gari, na ada ya kupokea kila tani, kwa sababu ada hiyo ndiyo mapato yasiyoyumba. Halmashauri isiyokuwa tayari kulipia utupaji wa taka zake inategemea gesi ibebe mzigo usiokuwa wake. Wa tatu ni wa mnunuzi wa gesi au umeme. Ukubwa wa tangi utatokana na mikataba hiyo mitatu, kwa hesabu ya kurasa mbili, na mkandarasi atakayekuja nayo ikiwa kubwa kuliko hekta ulizosaini aombwe kwanza akutafutie hekta zilizobaki.